Mahamri ya Ratili Mbili

Madaftari ya mapishi yaliyoachwa na mabibi wa pwani yana sura inayofanana. Karatasi imegeuka rangi, pembeni pana madoa ya samli, na viungo vimeandikwa kwa kifupi sana, kwa kuwa mwandishi alijua kila kitu na alijiandikia mwenyewe. Ukurasa wa mahamri unaweza kuwa na mistari sita tu: unga ratili 2, sukari kikombe 1 na robo, tui zito vikombe 3 kasorobo, hamira kijiko 1, samli kijiko 1 cha mezani, iliki 12. Chini yake maelekezo mawili matatu: roweka hamira, kanda jioni, kaanga alfajiri, madonge 10, kila moja vipande vinne.

Mjukuu anayetaka kuyapika mahamri hayo leo, tena na nduguze walioko Muscat au London wayapike yakatoka vilevile, anahitaji jedwali lenye gramu. Kulitengeneza si kazi ngumu, ila ina mitego, na karibu yote iko katika maneno madogo: kikombe, kijiko, robo.

Hatua ya kwanza ni kunakili kabla ya kufasiri. Ukurasa upigwe picha mchana, karibu na dirisha, kisha kila mstari uandikwe kwenye safu ya kwanza ya jedwali kama ulivyo, hata kama una kosa la tahajia au neno lisiloeleweka. Safu hiyo haiguswi tena. Watu wengi huandika moja kwa moja kile wanachodhani bibi alikusudia, na miaka miwili baadaye hakuna anayeweza kujua lipi lilikuwa lake na lipi liliongezwa na mjukuu.

Namba nazo zina hila zake. Mwandiko wa zamani huandika moja na nusu kama 1 1/2, na wino ukivuja nafasi ya katikati hupotea ikabaki 11/2, yaani tano na nusu. Kasorobo huwaponza zaidi vijana waliokulia mbali na pwani. Vikombe 3 kasorobo ni vitatu vilivyopungukiwa na robo, kama vile saa tatu kasorobo ni dakika kumi na tano kabla ya saa tatu. Hesabu yake ni 2.75. Anayesoma haraka huandika 3.25, na tofauti hiyo ya nusu kikombe inatosha kuugeuza unga wa mahamri kuwa kinamo kisichosukumika.

Anayetumia Excel au programu nyingine ya lahajedwali akumbane na jambo moja mapema. Akiandika 1/4 peke yake kwenye kisanduku, programu huidhania tarehe na kuigeuza kuwa siku ya Aprili au ya Januari, kutegemea mpangilio wa kompyuta. Njia rahisi ni kuandika desimali tangu mwanzo: robo 0.25, nusu 0.5, robo tatu 0.75, theluthi 0.33.

Sasa vipimo vyenyewe. Ratili ndiyo rahisi kuliko vyote, kwani katika maduka ya Afrika Mashariki ya karne iliyopita, kabla ya kilo kuenea, ratili ilikuwa na wakia 16 na uzito wake ni gramu 453.6. Ratili mbili za unga ni gramu 907. Ingekuwa resipe ya mchele, huenda pangekuwa na kibaba, ambacho hujaza takriban ratili moja na nusu ya nafaka, na vibaba vinne hufanya pishi. Lakini kibaba ni chombo cha kujaza, hakipimi uzito. Kibaba cha unga hakiwezi kuwa na uzito sawa na kibaba cha mchele, na anayetumia gramu zilezile kwa vyote viwili amekosea.

Kikombe ndicho kinachostahili subira. Vitabu vya kisasa hutumia kikombe cha mililita 250, na vile vya Marekani mililita 237 hivi. Bibi hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Alikuwa na kikombe cha chai cha kauri, na mara nyingi kikombe hicho bado kipo kabatini, au mwenzake wa seti ileile yuko kwa shangazi. Kiwekwe juu ya mizani ya jikoni, mizani irudishwe kwenye sifuri, kisha kijazwe maji. Gramu moja ya maji ni mililita moja, kwa hiyo mizani ikisoma 180, kikombe hicho ni cha mililita 180. Kama kuna mtu mzima aliyewahi kupika pamoja na bibi, yeye ndiye ajaze, kwa sababu kuna waliojaza hadi ukingoni na kuna walioacha nafasi ya kidole kimoja. Arudie mara tatu, ichukuliwe namba ya katikati.

Kisha kikombe hichohicho kijazwe sukari na kupimwa upya, maana mililita si gramu. Kikombe cha 180 hubeba sukari ya gramu 153 hivi. Kingebeba unga uliochungwa, mizani ingesoma kama 95, na unga ukichotwa kwa kukandamizwa ungepita 110. Hapo ndipo inapoonekana kwa nini bibi aliandika unga kwa ratili, si kwa kikombe: unga hubadilika uzito kwa namna unavyochotwa. Tui halina taabu hiyo. Uzito wake unakaribiana na wa maji, hivyo vikombe 2.75 ni mililita 495, na kwa kazi ya jikoni ni gramu 495.

Kinachobaki ni kijiko cha hamira, na hapa karatasi imenyamaza. Samli imeandikiwa kijiko cha mezani, hamira imeandikiwa kijiko tu. Kijiko cha chai, mililita 5, hubeba hamira kavu ya gramu 3 hivi. Cha mezani, mililita 15, hubeba gramu 9. Jibu limo kwenye maelekezo: kanda jioni, kaanga alfajiri. Gramu 9 kwa unga wa ratili mbili huumua kwa saa moja au mbili katika joto la Mombasa au Tanga. Ukiachwa usiku kucha ungepanda, ukashuka na kuchacha, na mahamri yangenuka uchachu. Gramu 3 ndizo zinazoweza kungoja mpaka alfajiri, kwa hiyo kijiko kile kilikuwa cha chai. Neno roweka nalo linasema kitu. Bibi alitumia hamira ya chembe kubwa, ile inayotaka maji ya vuguvugu kwanza. Hamira laini ya siku hizi, inayochanganywa na unga mkavu, ina nguvu zaidi, na kiasi cha robo tatu yake kinatosha. Jedwali libaki na gramu 3, na badiliko hilo liandikwe pembeni.

Mizani nyingi za nyumbani hazisomi vizuri chini ya gramu 5. Dawa yake ni kupima vijiko kumi kwa pamoja, kisha kugawanya kwa kumi.

Iliki iachwe kama ilivyo. Kitu kinachohesabika kwa vidole hakipati faida yoyote kwa kugeuzwa kuwa gramu, ila mtu atakayenunua iliki ya unga aambiwe kuwa kijiko kimoja cha chai kinakaribia hizo kumi na mbili.

Baada ya hapo jedwali hujijaza:

| Kiungo | Karatasi inasema | Hesabu | Gramu | Kwa unga 100 |
|---|---|---|---|---|
| Unga | ratili 2 | 2 × 453.6 | 907 | 100 |
| Sukari | kikombe 1 na robo | 1.25 × 153 | 191 | 21 |
| Tui zito | vikombe 3 kasorobo | 2.75 × 180 | 495 | 55 |
| Hamira | kijiko 1 | 1 × 3 | 3 | 0.3 |
| Samli | kijiko 1 cha mezani | 1 × 14 | 14 | 1.5 |
| Iliki | 12 | – | 12 nzima | – |

Safu ya mwisho wengi huiruka, na ndiyo inayokamata makosa. Waokaji wa mikate huhesabu kila kiungo kwa kulinganisha na unga: unga ni 100, vingine vyote ni sehemu yake. Unga wa mahamri unaosukumika vizuri huwa na tui la kati ya 50 na 60. Kama mjukuu angetumia kikombe cha kitabuni cha mililita 250, tui lingefika gramu 687, yaani 76 kwa kila 100 za unga. Unga huo hunata vidoleni, na anayeukanda huongeza unga mkavu bila kupima, mwishowe akalaumu karatasi. Angesoma kasorobo kuwa 1.75 badala ya 2.75, tui lingeshuka hadi 35, na unga ungekuwa mgumu wenye mipasuko. Namba ikitoka nje ya mpaka huo, dosari itafutwe kwanza kwenye kikombe au kwenye mwandiko, kabla ya kumkosoa bibi.

Safu hiyohiyo ndiyo inayomwezesha mtu kupika zaidi au pungufu. Kwa kilo moja kamili ya unga, sukari inakuwa gramu 210, tui 550, hamira 3.3. Kukadiria namba ni halali kwenye sukari na tui, ambako gramu tano hazionekani mdomoni. Kwenye hamira gramu moja ni theluthi nzima, kwa hiyo hapo mkono uwe mwangalifu.

Kuna jambo ambalo jedwali haliwezi kulimaliza. Tui zito la nazi iliyokunwa nyumbani na kukamuliwa kwa maji kidogo si sawa na tui la boksi, na hata unga wa kiwanda kimoja na kingine hautofautiani kwa rangi tu bali kwa kiasi cha maji unachonywa. Ndiyo maana jedwali zuri huandika pembeni mwa tui: anza na gramu 450, zinazobaki ongeza kidogo kidogo hadi unga uache kushika bakuli. Hivyo ndivyo bibi alivyofanya bila kuandika.

Kabla ya kuwatumia ndugu nakala, yafaa jedwali lipikwe mara moja na unga upimwe ukiwa umekandwa. Jumla ya viungo ni gramu 1,610. Madonge 10 yatakuwa na gramu 161 kila moja, na kila donge likikatwa vipande vinne, andazi linakuwa na gramu 40, ukubwa wa kawaida wa hamri la pwani linalofura na kuacha uwazi ndani. Kama vipande vingetoka vya gramu 25 au 70, basi ratili, kikombe au kasorobo moja ingekuwa imesomwa vibaya, na ingebidi kurudi kwenye safu ya kwanza, ile isiyoguswa, na kuanza kusoma upya.