Shilingi 5,000 Zilizobaki Njiani

Dada mmoja mwenye duka la vitenge Kariakoo alinionesha karatasi mbili alizozibana kwa pini. Ya kwanza ni risiti ya mashine ya kadi: mteja amelipa shilingi 200,000. Ya pili ni taarifa ya akaunti ya duka siku iliyofuata: zimeingia 195,000. "Benki yangu imekula elfu tano," alisema. "Kwa kazi gani? Mashine yenyewe nimewekewa miaka mitatu iliyopita."

Swali lake ni la haki, ila benki yake si mlaji mkuu. Sehemu kubwa ya elfu tano ile ilikwenda kwenye benki ambayo yeye hana akaunti nayo, na wala hajawahi kukanyaga tawi lake.

Tufuate fedha hiyo hatua kwa hatua. Mteja anapogusisha kadi, mashine hutuma ujumbe kwa benki ya duka. Benki ya duka huupeleka kwenye mtandao wa kadi, kwa mfano Visa au Mastercard, nao mtandao huufikisha kwa benki iliyotoa kadi. Benki hiyo hutazama kama kadi ni halali na salio linatosha, kisha jibu hurudi kwa njia ileile. Yote hayo huchukua sekunde chache. Mashine inatoa risiti, mteja anabeba vitenge vyake. Lakini hadi hapo hakuna hata senti iliyohama baina ya benki. Kilichopita ni ahadi tu.

Fedha huhama baadaye, mauzo ya siku yakishafungwa na mtandao kupiga hesabu za nani anamdai nani. Hapo ndipo kisu hukata. Benki ya mteja humtoa mteja wake 200,000 kamili, lakini haipeleki zote. Tuseme kiwango kilichopangwa kwa kadi ya aina ile ni asilimia 1.5. Benki ya mteja hubaki na 3,000 na kupeleka 197,000. Benki ya duka hulipa mtandao ada yake, tuseme 300. Kisha, kwa kuwa mkataba wa duka unasema makato ni asilimia 2.5, humwekea muuzaji 195,000 na kubaki na 1,700, ambayo ndiyo inayogharimia mashine, mafundi na faida yake. Viwango halisi hutofautiana kwa nchi, kadi na mkataba, lakini mpangilio ndio huu.

Ile 3,000 ndiyo ada ya benki kwa benki. Haionekani kwenye risiti, na mara nyingi haionekani hata kwenye taarifa ya akaunti, kwa sababu muuzaji huoneshwa makato yakiwa donge moja. Hulipwa na benki ya duka kwa benki ya mteja, lakini mbebaji wake wa kweli ni duka.

Mbona benki ya mteja ipewe fungu nono hivyo? Hoja ya mabenki ni kwamba yeye ndiye mwenye mzigo. Ametengeneza kadi, anabeba sehemu ya hasara ya wizi, na ikiwa ni kadi ya mkopo anakuwa amemlipia mteja wiki kadhaa kabla ya kurudishiwa. Hoja hiyo ina uzito. Historia yake inaanzia Marekani, ambako kadi ya BankAmericard, mama wa Visa ya leo, ilianzishwa mwaka 1958. Benki nyingine zilipoanza kuitoa kwa leseni miaka ya 1960, mteja wa benki moja aliweza kununua kwenye duka la benki nyingine, na ugomvi wa kugawana makato ukazuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 benki hizo, zikiongozwa na Dee Hock, ziliunda chombo chao cha pamoja, na chombo hicho kikapanga kiwango kimoja cha ada. Ugomvi ukaisha.

Jambo la kuangaliwa kwa makini limo humohumo: kiwango hicho hakipangwi na anayelipa wala anayelipwa. Hupangwa na mtandao. Na mtandao una sababu ya kukipandisha. Benki inayotaka kutoa kadi mpya huchagua itumie mtandao upi. Kama mmoja utaiachia 3,000 kwa kila mauzo kama yale ya Kariakoo na mwingine 2,000, itakwenda wapi? Sokoni tumezoea kwamba wauzaji wawili wakishindana bei hushuka. Hapa mitandao miwili ikishindana, ada hupanda, kwa sababu inagombea benki za kutoa kadi, na mwenye duka halipi kwa hiari: akikataa kadi, mteja anakwenda duka la jirani.

Ndiyo maana serikali kadhaa zimeingilia kati. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2015 kwamba kwa kadi za watu binafsi, ada ya benki kwa benki isizidi asilimia 0.2 kwa kadi inayokata salio moja kwa moja, na asilimia 0.3 kwa kadi ya mkopo. Mwaka 2019 Visa na Mastercard zikaahidi viwango hivyohivyo kwa kadi za kutoka nje ya Ulaya zinapotumika dukani huko. Kwa hiyo Mtanzania akinunua viatu vya euro 100 Paris kwa kadi ya mkopo ya benki ya nyumbani, benki yake hubakiwa na senti 30 tu kwa ada hiyo.

Lakini kufunga mlango mmoja hakufungi nyumba. Kanuni ya Ulaya inabana fungu la benki ya mteja pekee. Ada za mtandao na za benki ya duka hazikuwekewa kikomo. Marekani nako, tangu 2011, benki kubwa hazitakiwi kupata zaidi ya takriban senti 21 na asilimia 0.05 kwa malipo ya kadi inayokata salio. Kabla ya hapo mauzo madogo yalikuwa na punguzo. Baada ya sheria punguzo likaondolewa, na kikomo kikageuka kuwa bei. Muuza kahawa ya dola 2 akajikuta zaidi ya sehemu ya kumi ya mauzo yake inakwenda kwenye ada hiyo.

Na gharama haiishii kwa mwenye duka. Huiingiza kwenye bei ya kitenge, na bei ni moja kwa wote. Mama aliyekuja na noti alizozifunga kwenye upindo wa kanga naye anachangia ada ya kadi ambayo hana. Hilo linanigusa kuliko yote.

Nilimshauri yule dada asiende benki kulalamikia elfu tano nzima, kwa sababu meneja atamwambia, kwa kweli, kwamba sehemu kubwa si yake. Aulize mambo mawili. Kwanza, apewe mchanganuo: kati ya makato, ngapi zinakwenda kwa benki ya mteja, ngapi kwa mtandao, na ngapi zinabaki hapo. Hiyo ya mwisho ndiyo inayojadilika. Pili, mteja mwenye akaunti kwenye benki ileile ya duka analipishwaje? Malipo hayo hayana benki ya pili ya kupelekewa ada. Zile 3,000 zinabaki kwenye nyumba moja. Kama makato bado ni asilimia 2.5, hapo ana haki ya kudai punguzo.

Alichukua kalamu, akaandika nyuma ya ile risiti: 3,000, 300, 1,700. Kisha akaizungushia duara ile ya mwisho.