Faili Moja, Mikutano Mitatu

Hesabu za mwaka zikishafungwa, mhasibu wa SACCOS huwa na vikao vitatu vinavyomsubiri. Bodi inataka kujua mikopo iliyochelewa kurejeshwa imefikia kiasi gani na wadaiwa ni akina nani. Watumishi wa dawati la mikopo wanataka kuelezwa taratibu zinazobadilika. Wanachama, kwenye mkutano mkuu, wanataka kusikia habari za akiba, gawio na bajeti. Takwimu zote zinatoka kwenye vitabu vilevile, ila si kila mtu anapaswa kuona kila kitu.

Wengi hulitatua hilo kwa kunakili faili la slaidi mara tatu na kufuta yasiyohitajika katika kila nakala. Kazi inakwenda vizuri hadi mkaguzi aseme jumla ya mikopo irekebishwe. Mhasibu anasahihisha faili la bodi usiku, la wanachama linasahaulika, na siku ya mkutano mjumbe wa bodi anaona ukutani tarakimu tofauti na ile aliyoipitisha wiki iliyotangulia. Hapo si slaidi tena zinazotiliwa shaka, ni hesabu zenyewe.

PowerPoint ina njia ya kukwepa balaa hilo, nayo inaitwa Custom Slide Show. Ni orodha yenye jina lake, inayosema slaidi zipi zionyeshwe na kwa mpangilio upi. Haitengenezi slaidi mpya. Inaziita zile zilizomo ndani ya faili, kwa hiyo tarakimu ikisahihishwa mara moja inakuwa imesahihishwa katika kila onyesho linaloitumia.

Tuchukue faili la slaidi 24. Slaidi ya 3 ni akiba na hisa, ya 4 ni mikopo iliyotolewa, ya 9 hadi ya 12 zinachambua marejesho yaliyochelewa, ya 13 ina majina ya wadaiwa, ya 17 ni gawio na ya 18 ni bajeti. Mhasibu anafungua kichupo cha Slide Show, anabofya Custom Slide Show, kisha Custom Shows, halafu New. Dirisha linalofunguka lina pande mbili: kushoto slaidi zote za faili, kulia zile za onyesho jipya. Juu anaandika jina, tuseme Wanachama. Anatia alama kwenye slaidi anazozitaka, anabofya Add, na zinahamia kulia. Kwa vishale vya pembeni anaipandisha slaidi ya gawio iwe mara baada ya akiba, kwa kuwa ndilo jambo ambalo ukumbi mzima unalisubiri. Orodha yake sasa inasomeka 1, 3, 17, 4, 18, 24. Ndani ya faili lenyewe hakuna kilichosogea.

Kwa bodi anaunda orodha nyingine yenye slaidi ya 9 hadi ya 13, na kwa watumishi ya tatu. Kama maonyesho mawili yanakaribiana, kitufe cha Copy kinamwokolea muda: ananakili orodha iliyopo, anabofya Edit, anabadilisha jina na kuondoa kisichohitajika.

Katika hatua hii huonekana faida ya kuipa kila slaidi kichwa. Dirisha hilo halionyeshi picha za slaidi, linaonyesha namba na vichwa tu. Slaidi ambayo kichwa chake kiliandikwa kwenye kisanduku cha maandishi cha kawaida, badala ya nafasi rasmi ya kichwa, itaorodheshwa kama Slide 9 au Slide 13 bila maelezo mengine. Mtu aliyechoka anaweza kabisa kuchukua ya 13 akidhani ni ya 12, na majina ya wadaiwa yakatokea mbele ya ukumbi. Ni heri dakika kumi zitumike kuandika vichwa kabla ya kuunda orodha yoyote.

Kuanzisha onyesho kuna njia mbili, na tofauti yake ina uzito. Akibofya Custom Slide Show na kuchagua jina, onyesho linaanza papo hapo. Akipitia Set Up Slide Show na kuchagua Custom show chini ya Show slides, faili linabaki na uamuzi huo hadi ubadilishwe. Kesho yake anabonyeza F5 mbele ya bodi na slaidi za wanachama ndizo zinazotokea. Slaidi zikionekana kama zimepotea ilhali zimo kwenye faili, mahali pa kwanza pa kutazama ni hapo: chagua All, mambo yanarudi kama kawaida.

Kosa linalotokea zaidi, hata hivyo, ni la slaidi iliyoongezwa baadaye. Maoni ya mkaguzi yanafika jioni, mhasibu anayaweka kama slaidi mpya, anahifadhi na kulala. Slaidi hiyo haimo katika orodha yoyote, kwa sababu PowerPoint haijui ni ya nani. Lazima arudi Custom Shows, abofye Edit na kuiongeza yeye mwenyewe katika kila onyesho linaloihitaji. Kufuta ni kinyume chake: slaidi iliyofutwa kwenye faili hutoweka katika maonyesho yote.

Namba za kurasa nazo zina kasoro yake. Slaidi hubaki na namba yake ya asili, hivyo wanachama wataona 1, kisha 3, kisha 17. Mwanachama makini atauliza zilizoko katikati zina nini, na ana haki ya kuuliza. Kama namba hazina kazi, ziondolewe kwa kufungua Insert, kisha Header & Footer, kutoa alama ya Slide number na kubofya Apply to All.

Lililo zuri kuliko yote ni kwamba onyesho moja linaweza kuchomekwa ndani ya jingine. Mhasibu anaunda onyesho fupi aliloliita Ufafanuzi, lenye slaidi ya 9 hadi ya 11. Kwenye slaidi ya 4 anachagua maneno “marejesho yaliyochelewa”, anabofya Insert, Link, halafu Place in This Document, anashuka hadi Custom Shows, anachagua Ufafanuzi na kutia alama kwenye Show and return. Mkutanoni, mwanachama akiuliza kwa nini marejesho yamesuasua, mhasibu anabofya maneno hayo. Slaidi tatu zinapita, kisha anarudishwa palepale kwenye slaidi ya 4 na kuendelea. Asipoulizwa, anapita bila kuzigusa.

Onyo moja halina budi kusemwa wazi: orodha hizi si kufuli. Anayetumiwa faili anapata slaidi zote 24, pamoja na ile ya majina na maelezo ya msemaji yaliyoandikwa chini yake. Wanachama wakiomba nakala, wapewe PDF ya onyesho lao pekee. Njia yake ni File, Export, Create PDF/XPS, kisha kitufe cha Options, na chini ya Range kuchagua Custom show na jina lake. Kabla ya kuituma kwenye kundi la WhatsApp la chama, mhasibu aifungue na kuhesabu kurasa: kwa onyesho la Wanachama zinapaswa kuwa sita.