Maji ya Bwawa Yanaposoma Sifuri

Klorini huru ni ile sehemu ya klorini ambayo bado haijaungana na uchafu uliomo majini, kwa hiyo ndiyo yenye nguvu ya kuua vijidudu. Inapokutana na kemikali iitwayo DPD, maji hugeuka waridi, na kadiri klorini inavyozidi ndivyo rangi inavyokolea.

Kichupa cha kioo husuuzwa kwa maji yanayopimwa, kikajazwa hadi alama ya mililita 10 na kufutwa nje. Kwanza huwekwa kwenye kolorimita bila dawa ili kifaa kiwekwe sifuri. Hatua hiyo huondoa athari ya rangi hafifu iliyokuwamo tangu mwanzo. Kisha kidonge cha DPD namba 1 hutiwa bila kuguswa na vidole, husagwa kwa kijiti safi, na jibu husomwa ndani ya dakika moja. Kuchelewa ni kosa kubwa hasa kwenye bwawa la kuogelea, kwani jasho na mkojo wa waogeleaji huungana na klorini na kuzaa kloramini, ambazo nazo huigeuza DPD polepole. Namba inayopanda kila inaposomwa tena ni dalili yake.

Kosa la hatari zaidi ni sifuri ya uongo. Klorini ikizidi mno, huichoma rangi ileile iliyoizalisha, na maji hurudi kuwa meupe. Mhudumu asiyelijua hilo huongeza dawa kwenye bwawa ambalo tayari linawasha macho. Anayetazama kwa makini huona waridi likimulika kidonge kinapoanza kuyeyuka, kisha likapotea. Hapo maji huzimuliwa: mililita 2 za maji ya bwawa huongezwa maji yaliyotoneshwa hadi zifike 10, kisha kipimo hurudiwa. Kikisoma 1.9, jibu huzidishwa kwa 5, na bwawa lina miligramu 9.5 kwa lita, ilhali mabwawa mengi hutunzwa kati ya 1 na 3. Maji ya kuzimulia nayo yapimwe kwanza, kwa sababu yakiwa na klorini huharibu hesabu yote.

Kidonge namba 3, kinachotumika kupata klorini yote kwa jumla, kina iodidi ya potasiamu, ambayo huzifanya kloramini zigeuze rangi papo hapo. Mabaki yake kidogo tu kwenye kichupa huifanya klorini huru ionekane nyingi kuliko ilivyo. Ni bora kila kidonge kiwe na kichupa chake.

Kwenye maji ya bomba yanayotoka kisimani huenda kukawa na manganizi, ambayo ikishaoksidishwa na klorini huleta waridi lilelile. Maabara huitambua kwa kupima sampuli ya pili ambayo klorini yake imeondolewa kwanza. Ya kwanza ikisoma 0.6 na ya pili 0.4, klorini halisi ni 0.2 tu, kiwango cha chini kabisa ambacho Shirika la Afya Duniani hutaka kibaki maji yanapomfikia mtumiaji.