Zamu za sikukuu na namba za bahati

Desemba ikikaribia, karatasi inayosomwa kuliko zote kwenye ubao wa zahanati ni ratiba ya zamu za sikukuu. Hapa Tanzania siku nne za mapumziko huangukia ndani ya wiki tatu: Krismasi, tarehe 26 Desemba, Mwaka Mpya, na Mapinduzi ya Zanzibar tarehe 12 Januari. Wagonjwa hawapumziki, kwa hiyo kila siku kati ya hizo lazima muuguzi mmoja awepo kazini. Anayepanga ni muuguzi mfawidhi, na mara nyingi hupanga kwa kichwa. Hata akiwa mwadilifu, mzigo huwaelekea walewale: yule ambaye hajaoa au hajaolewa, yule asiye na watoto, na yule asiyejua kulalamika.

Kompyuta yoyote yenye Excel, Google Sheets au LibreOffice Calc inaweza kumtoa mfawidhi kwenye lawama hizo, kwa sababu ndani yake mna fomula ya kutoa namba za bahati. Ukiandika `=RAND()` kwenye seli, unapata namba ya desimali kuanzia 0 lakini isiyofika 1, na namba zote za hapo katikati zina nafasi sawa ya kutokea. Haimjui mtu wala haina mjomba kazini. Kazi iliyobaki ni kuitumia vizuri, na hapo ndipo wengi hukosea.

Kosa la kwanza ni kuchagua jina jipya kila siku ya zamu. Tuseme zahanati ina wauguzi wanane na kuna zamu ya Jumapili ya mtu mmoja. Mfawidhi anawapa namba 1 hadi 8, kisha kila wiki anaandika `=RANDBETWEEN(1,8)` na kumwita mwenye namba iliyotokea. Inaonekana haki tupu. Lakini bahati haikumbuki ya juzi: aliyefanya Jumapili iliyopita ana nafasi ileile ya kuitwa tena. Baada ya wiki nane, kwa wastani karibu watu watatu watakuwa hawajaitwa hata mara moja, na wenzao wamebeba zamu zao. Uwezekano wa wote wanane kufanya mara moja moja ni takriban mara moja katika mara 416. Kila mtu alikuwa na nafasi sawa, lakini kazi haikugawanywa sawa, na wafanyakazi wanachohesabu ni kazi.

Dawa yake ni kuchanganya majina yote mara moja badala ya kuokota moja moja. Majina yanakaa kolamu A, namba za bahati kolamu nyingine, kisha orodha nzima inapangwa kwa kufuata namba hizo. Wa juu anafanya Jumapili ya kwanza, anayefuata ya pili, hadi wa nane. Hakuna anayerudia kabla wenzake hawajafanya.

Kwa sikukuu haitoshi, kwa kuwa siku ni nne na wauguzi ni wanane. Nusu yao watabaki nyumbani, na mwaka ujao ni lazima ikumbukwe ni akina nani. Hapa mimi napendekeza kolamu B iwe ya kumbukumbu: kila mtu ameshafanya sikukuu ngapi. Kisha kwenye C2 andika hivi, na uiburute hadi mstari wa tisa:

```
=RAND()+B2
```

Fomula fupi hiyo hufanya kazi kubwa. Ambaye hajawahi kufanya anapata namba kati ya 0 na 1. Aliyefanya mara moja anapata kati ya 1 na 2, na aliyefanya mbili anapata kati ya 2 na 3. Ukipanga kuanzia ndogo kwenda kubwa, wenye deni wanatangulia daima, na bahati inaamua tu kati ya wale waliolingana. Tuseme watatu hawajafanya kabisa, na wamepata 0.71, 0.12 na 0.45. Wanne wamefanya mara moja, nao wana 1.83, 1.09, 1.36 na 1.62. Mmoja amefanya mara mbili, ana 2.27. Wale watatu wanaingia zamu moja kwa moja, na nafasi ya nne inakwenda kwa mwenye 1.09. Mwenye 2.27 anakula Krismasi nyumbani, na hakuna wa kumwonea kijicho, maana kolamu B iko wazi mbele ya wote.

Jambo moja dogo hapo husahaulika. Ukizigawa tarehe kwa kufuata orodha hiyohiyo, huyo wa nne atapata tarehe 12 Januari kila mara, na Krismasi itabaki ya wenye deni. Kwa hiyo baada ya kuwapata wanne, wachanganye tena kwa `=RAND()` tupu, ndipo uwape tarehe.

Sasa tahadhari. Fomula ya `RAND` huhesabu upya kila unapobadilisha seli yoyote. Ukipanga orodha, namba zitabadilika palepale, na utaona kolamu C haijapangika hata kidogo. Watu wakiona hivyo huanza kushuku kwamba kuna mkono. Ndiyo maana kabla ya kupanga unagandisha namba: teua kolamu C, nakili, kisha bandika thamani tupu juu yake. Kwenye Google Sheets ni `Ctrl+Shift+V`. Fomula zinatoweka, namba zinabaki. Halafu unapopanga, teua kolamu zote tatu kwa pamoja. Ukipanga C peke yake, namba zitahama na majina yatabaki pale pale, na ratiba itakuwa ya uongo bila mtu kugundua.

Tahadhari nyingine inamhusu binadamu. Kwenye Excel, kubonyeza `F9` kunatoa namba mpya. Wenye deni lililolingana wakiwa wanane na nafasi ni nne, anayepanga ana nusu ya uwezekano wa kuchaguliwa. Akijiruhusu kubonyeza hadi mara tatu na kuacha pale jina lake linapokosekana, uwezekano wake wa kukwepa unafika saba kwa nane. Ratiba iliyobandikwa ukutani haiwezi kumfichua. Kwa hiyo tangazeni mapema kwamba kura ni moja, ipigwe mbele ya wauguzi wawili au watatu, na namba zilizogandishwa zichapishwe pamoja na majina.

Mipaka ijadiliwe kabla ya kura. Aliye likizo ya uzazi aondolewe kwenye orodha kwanza, si baada ya jina lake kutokea, kwa kuwa nafasi itakayobaki wazi itajazwa kwa upendeleo. Kubadilishana kunaruhusiwa: Mwislamu anaweza kuchukua Krismasi ya mwenzake naye akashikiwa Idi, mradi wote wawili wasaini, na kolamu B imhesabie yule aliyefanya kazi kweli. Kwa kupanga viti kwenye semina au karamu ya ofisi, hakuna deni la kukumbuka, basi `=RAND()` inatosha: changanya majina, kisha kata sita sita kwa kila meza.

Na mgeni akiajiriwa, msimwandikie sifuri kwenye kolamu B. Kama wenzake wana tatu au nne kila mmoja, sifuri itamtupa zamuni sikukuu baada ya sikukuu hadi awafikie, na hiyo itakuwa adhabu ya kuchelewa kuajiriwa. Mwandikieni hesabu ya mwenye zamu chache kuliko wote waliopo, aanzie hapo.