Meza ya Mninga Iliyochelewa: Jinsi ya Kumwandikia Mteja

Mteja wa Morogoro aliagiza meza ya kulia chakula na viti sita kwa fundi wa Keko, Dar es Salaam. Bei ni shilingi 1,400,000, na ametanguliza 800,000. Aliahidiwa mzigo tarehe 2 Aprili. Leo ni tarehe 15, meza bado vipandevipande, na simu ya fundi inaita bila kupokelewa.

Mfano huu nimeutunga, ila aliyewahi kuagiza fanicha ataujua. Simu isiyopokelewa humtia mteja hofu kuliko meza iliyochelewa, kwa sababu pesa yake iko kwa mtu asiyesema kitu. Kwa hiyo barua ya kuomba radhi huandikwa siku ile muuzaji anapotambua kwamba tarehe haitatimia. Fundi wetu keshachelewa hata kwa hilo, na barua yake lazima ikiri makosa yote mawili:

“Mama ……,
Yah: Kuchelewa kwa meza na viti ulivyoagiza tarehe 3 Machi

Shikamoo. Naomba radhi kwa kutokukuletea mzigo wako tarehe 2 Aprili kama nilivyoahidi, na zaidi kwa kutopokea simu zako. Najua ulizitaka meza na viti hivyo kwa ajili ya wageni wa Pasaka, na sikukuu imepita bila kuvipata.

Mbao za mninga nilizonunua zilikuwa bado mbichi. Ningeziunganisha hivyo hivyo, maungio yangeachia na uso wa meza ungepinda. Nilipaswa kuzikagua kabla ya kukupa tarehe. Sasa ziko kwenye tanuri la kukaushia na zitatoka tarehe 21.

Mzigo utakufikia Morogoro tarehe 30 Aprili, na gharama ya usafiri ni yangu. Ukiona huwezi kusubiri, nijulishe, nami nitakurudishia shilingi 800,000 zote ndani ya siku saba. Uamuzi ni wako.”

Barua inaishia hapo, chini yake jina, sahihi, namba ya simu na muhuri wa karakana. Ni fupi, na ufupi huo ni heshima.

Radhi imetangulia, sababu ikafuata. Ukianza na mbao mbichi, msomaji anasikia utetezi kabla hajasikia pole. Na sababu yenyewe lazima iwe kitu ambacho mteja anaweza kukipima. Wengi hukimbilia “sababu zilizo nje ya uwezo wetu”, maneno yasiyomwambia mtu chochote, wakati ukweli wa mbao mbichi unamwonyesha kwamba fundi anajali meza isije ikapasuka sebuleni kwake. Anayezua msiba au ajali ajue kwamba mteja ana jirani Keko.

Sehemu ngumu ni tarehe mpya. Mteja husamehe ahadi moja iliyovunjika. Ya pili hufuatwa na ugomvi. Fundi asiandike tarehe ya kumtuliza mtu, aihesabu. Mbao zinatoka tanurini tarehe 21, kuunganisha na kupaka vanishi kunachukua siku tano, gari la Morogoro siku moja. Hiyo ni tarehe 27. Anaongeza siku tatu za dharura, umeme ukikatika au vanishi ikichelewa kukauka, anapata 30. Mzigo ukifika tarehe 28, mteja atafurahi.

Kisha kuna hiari ya kurudishiwa pesa, ambayo wauzaji wengi huiruka kwa woga. Marekani, kanuni ya Tume ya Biashara ya mwaka 1975 inamtaka muuzaji wa bidhaa za kuagizwa kwa posta, anapochelewa, ampe mteja nafasi ya kufuta oda na kurudishiwa pesa zake. Huku kwetu ugumu ni kwamba malipo ya awali yamekwisha kugeuka mbao. Ndiyo maana barua inasema “ndani ya siku saba”: fundi amejiuliza kwanza atazipata wapi. Kama anahitaji wiki tatu, aandike wiki tatu. Ahadi ya pesa isiyokuwepo ni kosa la tatu juu ya yale mawili.

Barua ipigwe picha itumwe kwa WhatsApp, kisha fundi apige simu mwenyewe kabla mteja hajapiga. Simu hiyo ndiyo itakayopokea hasira, nayo aipokee bila kubisha. Nakala aihifadhi pamoja na risiti ya malipo ya awali; suala likifika kwa mjumbe au mahakamani, karatasi hizo mbili ndizo zitakazoulizwa kwanza.