Nukta Isipotee: Kupunguza Ukubwa wa Faili za PDF kwa Ghostscript bila Kuharibu Miswada

Utangulizi

Mwanafunzi mmoja wa uzamili anayeishi Ruiru alikuwa ameandika tasnifu kuhusu utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu. Katika kiambatisho aliweka kurasa ishirini za mswada, zilizopigwa skani kwa rangi, kisha akaweka unukuzi wake wa herufi za Kirumi. Alipotaka kumpelekea msimamizi wake aliyeko Thika, barua pepe ilikataa, kwani Gmail haitumi viambatisho vinavyozidi megabaiti 25. Rafiki akampa amri moja ya kompyuta, faili ikapungua mno, ikapita. Baada ya siku chache msimamizi alimjibu kwa swali moja: unukuzi huu umetoka wapi, ilhali maneno kadhaa mswadani hayana nukta?

Nukta zilikuwako katika mswada. Zilizoziondoa ni amri ile. Makala haya yanadhamiria kueleza kilichotokea na jinsi ya kukiepuka.

Amri yenyewe

Ghostscript ni programu isiyolipiwa iliyoanzishwa na L. Peter Deutsch mwaka wa 1988. Husoma faili ya PDF na kuiandika upya yote tangu mwanzo. Amri ya msingi ni hii:

```
gs -sDEVICE=pdfwrite -dNOPAUSE -dBATCH \
   -dPDFSETTINGS=/ebook \
   -sOutputFile=ndogo.pdf tasnifu.pdf
```

Katika Windows, badala ya `gs` huandikwa `gswin64c`, na amri yote huwekwa katika mstari mmoja. Jina la faili mpya lazima litofautiane na la zamani. Ukiyalinganisha, programu itaifuta faili yako ya asili kabla haijamaliza kuisoma.

Neno `/ebook` ndilo linaloamua kiwango. Kwa picha za rangi na za kijivu, `/screen` hulenga pikseli 72 kwa inchi, `/ebook` hulenga 150, na `/printer` hulenga 300. Maandishi uliyoyachapa kwa kibodi hayaguswi na upunguzaji huu, kwa kuwa herufi zake zimehifadhiwa kama michoro ya mistari, si kama picha. Ndiyo sababu mwanafunzi wetu hakushuku lolote: aliifungua faili mpya, akasoma sura ya kwanza, akaona kila herufi imenyooka. Madhara yalikuwa katika kiambatisho peke yake.

Nukta na pikseli

Tuchukue ukurasa mmoja wa ukubwa wa A4 uliopigwa skani kwa pikseli 600 kwa inchi. Una takriban pikseli 4960 kwa upana na 7016 kwa urefu, yaani karibu milioni 35. Ukishushwa hadi 150, kila upande hubaki robo, na pikseli zote hubaki sehemu moja kwa kumi na sita. Hapo ndipo faili inapopata wepesi wake.

Sasa tutazame nukta ya kalamu yenye upana wa nusu milimita. Katika skani ya 600, nukta hiyo ina pikseli kumi na mbili hivi kwa upana. Katika 300 inabakiwa na sita, katika 200 nne, na katika 150 tatu. Katika 72 inabakiwa na pikseli moja na kidogo. Pikseli hiyo moja hupata wastani wa weusi wa wino na wa karatasi iliyoizunguka, na ikiwa karatasi imechakaa, nukta hugeuka doa la kijivu lisilotofautika na uchafu. Nukta mbili zilizokaribiana huonekana moja.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili hili si jambo la urembo. Neno la Kiarabu lililotupa binti na lile lililotupa beti yana umbo moja yakiandikwa. Yanatofautishwa na nukta za herufi ya katikati tu, moja juu au mbili chini. Aidha, alama za irabu ni vistari vyembamba kuliko hata nukta. Anayesoma nakala ya `/screen` hana namna ya kuuhakiki unukuzi wako, na ana haki ya kuutilia shaka.

Kwa nini wakati mwingine faili haipungui

Wengine hulalamika kinyume chake: wametumia `/ebook` na faili imebaki na uzito uleule. Sababu iliyo ya kawaida ni kizingiti. Ghostscript haiigusi picha mpaka msongamano wake uzidi lengo mara moja na nusu. Kwa lengo la 150, picha yenye 200 huachwa kama ilivyo, kwa kuwa haijafika 225.

Ikumbukwe pia kwamba msongamano hupimwa kwa ukubwa wa picha ukurasani. Picha ya simu yenye pikseli 3000 kwa upana, ikitandazwa katika inchi sita, ina 500 kwa inchi. Ikibanwa katika inchi tatu, ina 1000. Ili kujua ulicho nacho, tumia chombo kidogo kiitwacho `pdfimages`, kinachopatikana katika furushi la Poppler:

```
pdfimages -list tasnifu.pdf
```

Safuwima za `x-ppi` na `y-ppi` huonyesha msongamano wa kila picha. Ukiiendesha amri hii kabla na baada ya kupunguza, utaona bayana ni picha zipi zilizoshushwa na zipi zilizoachwa.

Suluhisho la mwanafunzi wetu

Badala ya kutegemea neno moja, tunaweza kutaja lengo letu wenyewe na kukishusha kizingiti:

```
gs -sDEVICE=pdfwrite -dNOPAUSE -dBATCH \
   -dPDFSETTINGS=/ebook \
   -dColorImageResolution=200 \
   -dGrayImageResolution=200 \
   -dColorImageDownsampleThreshold=1.0 \
   -dGrayImageDownsampleThreshold=1.0 \
   -sOutputFile=tasnifu-200.pdf tasnifu.pdf
```

Hapa picha yoyote inayozidi 200 hushushwa hadi 200, na nukta ya nusu milimita hubaki na pikseli nne. Pikseli za ukurasa zimepungua hadi moja kwa tisa, lakini nukta ingali inasomeka. Nakala hii ndiyo ya kumpelekea msimamizi kwa barua pepe. Ile ya kuchapishwa na kujalidiwa iandaliwe kivyake kwa `/printer`, na isafirishwe kwa kijiti cha kumbukumbu, maana mwendo wa matatu kutoka Ruiru hadi Thika hauna mpaka wa megabaiti.

Kabla ya kutuma, usiridhike na sura ya kwanza. Chagua ukurasa wa mswada ulio na wino hafifu kuliko yote, ukuze mara nne kwenye skrini, kisha uzihesabu nukta za mstari mmoja ukilinganisha na skani ya asili. Zikipungua hata moja, pandisha lengo hadi 300 na uanze tena kutoka faili ya asili, kamwe si kutoka ile iliyokwisha kupunguzwa, kwani pikseli iliyotupwa hairudishwi na amri yoyote.

Hitimisho

Viwango hivi vitatu vya Ghostscript vilipangwa kwa kufikiria mahali faili itakakosomewa: skrini, kitabu cha kielektroniki au karatasi. Havijui kilichomo ndani ya picha. Anayejua kwamba kitone kidogo juu ya jino la herufi ndicho kinachotenga binti na beti ni mtafiti mwenyewe, na ndiye anayepaswa kuchagua namba.