Jinsi Ramani ya Simu Inavyopata Njia Fupi Kutoka Morogoro Hadi Arusha

Anayetoka Morogoro kwenda Arusha kwa gari ana njia kuu mbili. Anaweza kwenda mashariki hadi Chalinze, halafu akapanda kaskazini kupitia Segera na Moshi. Au anaweza kushika magharibi hadi Dodoma, kisha akakata kaskazini kupitia Kondoa na Babati. Akiiuliza simu yake, jibu huja kabla hajamaliza kufunga mkanda. Programu iliyompa jibu hilo haikubahatisha, na wala haikuorodhesha njia zote zinazowezekana. Ilifuata kanuni ambayo mzizi wake ni wa mwaka 1956, na kanuni hiyo ni nyepesi kiasi kwamba tunaweza kuifanya hapa kwa kalamu na karatasi.

Ramani inageuka kuwa grafu

Kompyuta haioni barabara kama tunavyoziona sisi. Haioni milima ya Uluguru, mashamba ya mkonge wala vibanda vya mahindi ya kuchoma. Inachopewa ni vitu viwili tu: nodi na viungo. Nodi ni mahali ambapo mtu anaweza kuchagua pa kwenda, yaani makutano ya barabara au mji. Kiungo ni kipande cha barabara kinachounganisha nodi mbili, nacho hubebeshwa namba iitwayo uzito. Uzito unaweza kuwa kilomita, dakika au shilingi za mafuta. Mkusanyiko mzima wa nodi na viungo ndio unaoitwa grafu.

Kwa safari yetu tuchukue nodi tisa na viungo kumi. Kilomita zimekaribishwa ili zijumlishike kwa urahisi:

- Morogoro – Chalinze: 85
- Chalinze – Dar es Salaam: 105
- Chalinze – Segera: 140
- Segera – Moshi: 290
- Moshi – Arusha: 80
- Morogoro – Dodoma: 260
- Morogoro – Iringa: 310
- Iringa – Dodoma: 260
- Dodoma – Babati: 250
- Babati – Arusha: 170

Katika grafu ndogo kama hii mtu angeweza kuandika njia zote na kuzilinganisha. Mjini mambo hubadilika. Chukua mtaa uliopangwa kwa mistari iliyonyooka, vitalu kumi kwa kumi. Ukitoka kona moja hadi kona ya mkabala wake, na ukajizuia kwenda mashariki na kaskazini tu, utakuta njia 184,756. Ongeza vitalu vichache na kuhesabu njia moja moja kunakuwa kazi isiyokwisha. Lakini makutano katika mtaa huo ni 121 tu. Siri ya kanuni yetu ni kwamba inahesabu makutano, haihesabu njia.

Tufanye hesabu

Mwanzoni Morogoro inaandikiwa sifuri, kwa kuwa tuko hapo. Miji mingine haina namba bado. Kisha tunarudia jambo moja: kati ya miji yenye namba ambayo bado haijafungwa, tunachagua ile yenye namba ndogo kuliko zote, tunaifunga, halafu tunatazama majirani zake. Jirani ambaye anaweza kufikiwa kwa kilomita chache kuliko alizoandikiwa, tunamrekebishia namba yake. Tunaandika pia tumemfikia kutokea wapi.

Tunaifunga Morogoro. Majirani zake wanapata namba: Chalinze 85, Dodoma 260, Iringa 310. Ndogo ni Chalinze, basi tunaifunga. Kutoka hapo Dar es Salaam inapata 190, nayo Segera 225. Inayofuata kwa udogo ni Dar es Salaam. Tunaifunga, ingawa kila mtu anajua kwamba Arusha haiko upande huo. Halafu tunaifunga Segera, na Moshi inapata 515. Sasa ni zamu ya Dodoma, yenye 260. Babati inapata 510. Tunafunga Iringa kwa 310 na kujaribu kwenda Dodoma kupitia huko. Jumla ni 570, na Dodoma ilikwisha kufungwa kwa 260, kwa hiyo hakuna kinachobadilika.

Hapa ndipo penye kuhitaji utulivu. Miji iliyobaki na namba ni Babati, 510, na Moshi, 515. Babati ni ndogo, kwa hiyo inafungwa kwanza, na Arusha inaandikiwa 680 kwa mara ya kwanza. Mtu mwenye haraka angesema tumefika, safari ni kilomita 680 kupitia Dodoma. Angekosea. Arusha imeandikiwa namba, lakini haijafungwa. Moshi yenye 515 bado ni ndogo kuliko 680, basi tunaifunga kwanza. Kutoka Moshi hadi Arusha ni 80, jumla 595. Namba 680 inafutwa, 595 inaandikwa, na pembeni yake tunaandika "kutoka Moshi". Sasa Arusha ndiyo pekee iliyobaki, tunaifunga, na kazi imekwisha. Tukifuata maandishi ya pembeni kinyumenyume tunapata Arusha, Moshi, Segera, Chalinze, Morogoro.

Kosa la kusimama mara tu nodi ya mwisho inapoandikiwa namba ni la kawaida sana kwa wanaojifunza kuandika programu hizi. Dalili yake ni kwamba programu hutoa njia halali, inayopitika kabisa, ila si fupi kuliko zote. Kwa sababu jibu linafanana na ukweli, kosa linaweza kukaa muda mrefu bila kuonekana.

Kwa nini mji uliofungwa haufunguliwi tena

Tulipoifunga Dar es Salaam kwa 190, tulijuaje kwamba hakutatokea njia fupi zaidi baadaye? Njia nyingine yoyote ya kufika huko ingelazimika kupitia mji ambao wakati huo ulikuwa haujafungwa. Lakini miji yote ya namna hiyo ilikuwa na namba kubwa kuliko 190. Ukifika tu kwenye mji huo umekwisha kuizidi Dar es Salaam, na hakuna barabara inayopunguza kilomita ulizotembea.

Uthibitisho huo unasimama juu ya sharti moja: uzito wa kiungo usiwe chini ya sifuri. Kwa kilomita na dakika sharti hilo linatimia lenyewe. Kwa chaji ya gari la umeme halitimii, kwa sababu gari la namna hiyo likiteremka mlima hurudisha umeme kwenye betri, na kiungo hicho kinakuwa na uzito hasi. Hapo kanuni hii inaweza kutoa jibu la uongo, na wahandisi hulazimika kurekebisha uzito au kutumia kanuni nyingine.

Aliyeibuni ni Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha hisabati cha Amsterdam. Mwaka 1956 alitakiwa kuonyesha uwezo wa kompyuta mpya iitwayo ARMAC mbele ya watu wasiojua kompyuta, akatafuta swali ambalo kila mmoja angelielewa: njia fupi kati ya miji miwili ya Uholanzi. Alisimulia baadaye kwamba aliipata kanuni hiyo kwa dakika 20 hivi, akiwa amekaa mkahawani na mchumba wake wakinywa kahawa, bila kalamu wala karatasi. Grafu yake ya maonyesho ilikuwa na miji 64. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1959, na hayakuzidi kurasa chache.

Kuipa kanuni mwelekeo

Tatizo la kanuni hii tumeliona: inasambaa kila upande. Ilizifunga Dar es Salaam na Iringa bila faida. Kwa miji tisa si neno, lakini kwa grafu ya nchi nzima yenye mamilioni ya nodi ni upotevu mkubwa.

Mwaka 1968 Peter Hart, Nils Nilsson na Bertram Raphael, watafiti wa Stanford huko Marekani, walitoa dawa yake, inayoitwa A*. Badala ya kuchagua mji kwa kilomita zilizokwisha kutembewa peke yake, unajumlisha pia umbali wa mstari ulionyooka kutoka mji huo hadi mwisho wa safari. Kutoka Dar es Salaam hadi Arusha kwa mstari ulionyooka ni kilomita 475 hivi. Ukijumlisha na 190 unapata 665. Iringa iko umbali wa kilomita 500 hivi, na jumla yake inafika 810. Zote mbili zimezidi 595, kwa hiyo Arusha inafungwa kabla zamu yao haijafika. Jibu ni lilelile, kazi imepungua. Linabaki sahihi kwa sababu mstari ulionyooka hauwezi kuwa mrefu kuliko barabara. Makadirio yakizidi umbali wa kweli, dhamana hiyo inavunjika.

Grafu ikidanganya

Kanuni ikishaandikwa vizuri, jibu baya karibu daima linatokana na grafu yenyewe. Machi 2020 mvua zilivunja daraja la Kiyegeya, barabara kuu ya Morogoro na Dodoma ikakatika. Katika grafu yetu hilo ni kufuta kiungo kimoja tu. Dodoma inaruka kutoka 260 hadi 570 kupitia Iringa. Lakini kama hakuna aliyekifuta kiungo hicho, programu itaendelea kumpeleka dereva hadi ukingoni mwa mto, na kwa hesabu zake itakuwa sahihi.

Uzito nao hudanganya. Barabara ya Iringa hupita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, ambako kasi hupunguzwa kwa ajili ya wanyama. Ukikadiria kilomita 80 kwa saa, kipande hicho kinaandikwa dakika 38. Kwa kilomita 50 kwa saa ni saa nzima.

Kosa gumu zaidi kuligundua ni la makutano. Kwenye barabara za juu za Ubungo, Dar es Salaam, mistari hukatana kwenye ramani lakini magari ya juu na ya chini hayakutani. Mchoraji akiweka nodi mahali hapo, programu itamwambia dereva akate kona angani. Kinyume chake pia hutokea: barabara mbili zinagusana mtaani, lakini kwenye grafu hazina nodi ya pamoja. Dalili yake ni simu kukuzungusha mbali kwa safari ambayo wenyeji huimaliza kwa hatua chache.

Ukiona mzunguko wa namna hiyo karibu na kwako, usiishie kuilaumu simu. Ramani ya OpenStreetMap, ambayo programu nyingi za njia huitegemea, iko wazi kwa yeyote kuirekebisha. Kuza picha hadi makutano yenyewe, tazama kama barabara zina nodi ya pamoja na kama mwelekeo wa njia moja umeandikwa sawa, kisha rekebisha. Kanuni ya Dijkstra haihitaji msaada wako, lakini makutano ya mtaani kwenu unayajua wewe kuliko kompyuta yoyote.